Hajavaa

Neno hilo nililitoa mimi, sitamsingizia mtu. Tulikuwa watu sita mezani katika ofisi ya mradi hapa Dodoma mjini, tukitafsiri fomu za Kiingereza ziwe za Kiswahili, na saa saba ya mchana ilikuwa imeshapita. Kisanduku cha nne kilihusu siku ambazo saa ya mkononi haikuleta namba za mapigo ya moyo. Kiingereza chake kilikuwa kirefu, kitu kama kusema mwanga uliorudi haukutosha kusomeka, na kisanduku chenyewe kilikuwa na upana wa kidole gumba. Vijana wakaanza kubishana. Mmoja anataka "usomaji haukupatikana", mwingine anataka "ishara hafifu". Mimi nilikuwa na njaa, na nina ugonjwa wa kudhani kwamba kwa kuwa nimekuwa nesi miaka thelathini na minne basi najua kila kitu.

"Andikeni Hajavaa," nikasema. "Saa isiposoma maana yake nini? Mtu kaivua."

Wakacheka, wakaandika, tukaenda kula.

Mradi ulikuwa wa kupima jinsi joto na kazi za shamba zinavyouchosha moyo wa watu wa makamo. Wakulima arobaini wa kijiji cha Haneti, kila mmoja alipewa saa ya mpira mweusi isiyo na mishale wala namba. Ukiigeuza, kwa chini ina taa ya kijani inayomulika ngozi, na hiyo taa ndiyo inayohesabu moyo. Kila Jumatatu nilikuwa nakwenda na binti mmoja msaidizi, Aneth, tunaziunganisha saa na kishikwambi, namba zinaingia, mimi najaza fomu. Nilichukuliwa kwa sababu nimezaliwa Haneti na naongea Kigogo. Nilifurahi sana kuchukuliwa. Ukistaafu watu wanakusalimia kwa heshima zote lakini hakuna anayekuuliza kitu.

Na ndani ya wale arobaini alikuwemo Penina.

Penina, Mama Ruthu, ndiye mtu wa kwanza ninayemkumbuka duniani ukiondoa mama yangu. Nyumba zetu zilitazamana. Tulipokuwa na miaka tisa au kumi tulipewa michi yetu midogo, tukawa tunatwanga pamoja kinu kimoja, mimi napiga, yeye anapiga, na ole wake atakayechelewa maana michi itagongana na mama atasikia akiwa jikoni. Penina hakuwahi kuchelewa. Alikuwa mweusi tii, mweusi wa kung'aa, na mimi namfuata kwa mbali kidogo, na shangazi zake walikuwa wanasema Penina akicheka gizani ndipo unajua yuko wapi. Alikuwa anacheka kweli. Mimi nikaenda shule ya unesi, yeye akaolewa palepale. Miaka ikapita kama mnavyojua inavyopita. Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, kila nilikohamishiwa nilikuwa nikisikia kinu alfajiri namkumbuka Penina, na kuna siku nililia kwa ajili hiyo tu, nesi mzima na sare yangu.

Sasa alikuwa na miaka sitini na tatu na moyo wake ulikuwa unamkimbia. Alikwishaanguka mara mbili shambani, kwenye mtama. Mara ya pili alipasuka juu ya jicho.

"Moyo unaanza tu, Paska," aliniambia. "Kama kuku aliyeingiliwa na kicheche bandani. Halafu nikifika zahanati umetulia, wananiambia mama nenda nyumbani, huna kitu."

Hapo ndipo saa ile ilipokuwa na maana kwake. Vidole vyangu vinaweza kushika mshipa wake dakika moja ya Jumatatu, lakini saa ingekaa naye usiku na mchana, na moyo ukikimbia Jumanne saa kumi ingeandika. Atakayeonekana na kasoro angechukuliwa na gari la mradi Alhamisi ya mwisho hadi mjini kwa daktari bingwa wa moyo. Atakayekosa namba za siku nyingi kwa wiki tatu mfululizo anafutwa, nafasi anapewa mwingine. Penina aliyaelewa yote hayo. Nilimfunga saa mkononi mwenyewe, akaitazama ile taa ya kijani akasema inafanana na jicho la paka.

Jumatatu ya kwanza: siku tano kati ya saba hazina kitu. Siku mbili zilizobaki zina namba, moyo sitini na kitu, mzuri kabisa. Nikajaza, Hajavaa mara tano.

"Mama Ruthu, usiivue," nikamwambia.

"Sijaivua."

Jumatatu ya pili, siku sita hazina kitu. Hapo nikamkalia kooni, mbele ya mumewe na mbele ya Aneth. Nina hasira za karibu, watoto wangu wanalijua hilo.

"Wewe unataka gari likuchukue au unacheza? Saa haidanganyi. Imeandikwa hapa, hajavaa, hajavaa, hajavaa. Sasa mwongo nani?"

Penina akanitazama. Kisha akasema polepole, "Nitajitahidi, Paska." Akaingia ndani. Sijui kwa nini neno lile halikunishtua. Mtu asiyevua saa anajitahidi kitu gani?

Jumatatu ya tatu namba zilikuwa za siku moja tu. Jina lake likafutwa.

Alhamisi ile gari lilitoka mjini asubuhi kuchukua watu wanne waliopatikana na kasoro. Tulikuwa mimi, Aneth, dereva, na Daktari Denis, kijana mwenye mradi, mpole, mwenye kunisalimia shikamoo hata kama tumeonana saa moja iliyopita. Nilimwomba tupite kwa Penina kwanza niichukue saa yetu. Hiyo tu. Nilikuwa nimekwenda kumvua.

Tulisikia kinu kabla hatujazima gari. Mashine ya kusaga ipo Haneti, ipo jirani, lakini Penina alishikilia kwamba mashine inaunguza unga wa uwele, na anayetaka ugali wenye ladha akoboe kwa mkono wake. Alikuwa peke yake uani, khanga kiunoni, jasho linamchuruzika, mchi unapanda na kushuka. Hakusimama aliponiona.

"Ngoja nimalize kinu hiki ndipo uivue," alisema.

"Haya."

Aneth akakaa kwenye kigoda, akafungua kishikwambi ili avute namba za mwisho. Saa ikiwa karibu namna hiyo, namba ya moyo huonekana palepale inavyobadilika. Mimi nilisimama. Sauti ile ya mchi, harufu ya uwele uliolowa maji kidogo, na ule mkono ninaoujua tangu ukiwa mwembamba kama ufito. Miaka hamsini! Nikaweka mkoba chini, nikachukua mchi wa pili uliokuwa umeegemezwa ukutani, nikaingia.

Penina alipunguza mwendo ili nipate nafasi. Piga, nipige. Piga, nipige. Mkono wangu ulikuwa umesahau lakini masikio yalikumbuka, na baada ya kugongana mara moja tukakaa sawa, na mimi nikatabasamu kama mjinga. Yeye hakutabasamu.

"Mama," Aneth akaniita. "Ajabu hii. Moyo wa Mama Ruthu ulikuwa sitini na mbili, ulipoanza kumsaidia umeshuka hamsini na moja."

"Si anapumzika," nikasema, huku natwanga.

Halafu nikamtazama Penina vizuri. Alikuwa hapumziki. Alikuwa anahema mdomo wazi, mshipa wa shingo unacheza ovyo, na midomo imekauka. Hamsini na moja ni moyo wa mtu aliyelala, au wa mwanariadha. Kwa mara ya kwanza tangu nianze mradi ule nikawa nesi.

"Endelea," nilimwambia Penina, "piga mara chache tu." Nikaacha mchi wangu, nikashika saa yangu ya zamani ya kifuani, nikaanza kuhesabu, si moyo, bali mchi. Sasa alikuwa peke yake tena na mwendo umerudi. Robo dakika, mara kumi na tano na nusu.

"Aneth, inasema ngapi?"

"Imerudi sitini na mbili."

Kumi na tano na nusu mara nne. Fanyeni hesabu wenyewe. Saa ilikuwa inahesabu mchi.

"Acha, Penina! Acha!" Nikamkalisha chini, nikamshika mkono mwingine, vidole vitatu, pale pale pa siku zote. Mshipa ulikuwa unakimbia bila mpangilio, mara mbili haraka, unaruka, mara tatu, unasita. Nilijaribu kuuhesabu nikapata mia moja na arobaini na kitu, na mingine najua ilinipita. Nikapiga kelele kumwita Denis kwa jina lake tupu, bila kutanguliza Daktari.

Alikuja kutoka garini na kimashine kidogo cha kubandika nyaya kifuani. Hicho hakina taa. Kinasikiliza umeme wa moyo wenyewe, na umeme haujali ngozi ina rangi gani. Karatasi ikatoka, Denis akaitazama, akaitazama tena.

"Mia moja na arobaini na nane, na hauna mpangilio hata kidogo," alisema. "Mama Ruthu, vyumba vya juu vya moyo wako vinatetemeka badala ya kupiga. Hali hii huja na kuondoka, ndiyo maana zahanati hawakuikuta. Inatibika, lakini isipotibiwa inaweza kuleta kiharusi. Tunaondoka na wewe leo."

Mumewe akakimbilia ndani kutafuta khanga safi. Mimi nilibaki na kile kishikwambi mkononi, nimekasirika, na bado sijajua nimkasirikie nani.

"Nieleze," nikamwambia Denis. "Kwa maneno ya watu."

Alichuchumaa. "Damu inafyonza mwanga wa kijani, Mama. Moyo ukisukuma, damu inajaa mkononi, mwanga mwingi unafyonzwa na unaorudi unapungua. Damu ikipungua, unaorudi unaongezeka. Saa inahesabu huko kupungua na kuongezeka. Ndiyo moyo."

"Sasa?"

"Sasa ile rangi nyeusi ya ngozi nayo inafyonza kijani. Mwanga unapunguzwa ukiingia, na ule mdogo uliobaki unapunguzwa tena ukitoka. Kinachorudi ni kidogo sana. Kwa mtu aliyetulia saa inaweza kujitahidi ikapata. Lakini mkono ukitikisika, kila mtikisiko nao unaubadilisha mwanga, kwa mtu wa rangi yoyote. Saa ina kipande cha kupima mtikisiko ili iuondoe. Alama ya moyo ikiwa na nguvu, inafanikiwa. Ikiwa hafifu, saa inapotea, inaushika mtikisiko wenyewe ikidhani ndio moyo. Na mchi una mwendo mzuri kuliko moyo wa Mama Ruthu."

"Kwa nini basi wasiweke taa nyingine?"

"Nyekundu ngozi nyeusi haiizuii sana. Ila inapenya ndani mno, mkono ukitembea nayo inavurugika zaidi. Ndiyo maana wengi wanachagua kijani." Akafikicha macho. "Kijitabu cha saa hizi kinasema zilijaribiwa kwa watu sitini. Hakisemi wa rangi gani. Na mimi sikuuliza, Mama. Nilipaswa kuuliza."

Aneth, ambaye ni maji ya kunde, alikuwa amechukua saa ya akiba kutoka kwenye mkoba, akaivaa, akaushika mchi akaanza kutwanga kwa fujo zake za mjini. Kishikwambi kikaonyesha mia moja na ishirini na nne. Vidole vyangu vikasema mia moja na ishirini na sita.

"Watu wawili hawatoshi kuthibitisha kitu," Denis alisema, ingawa uso wake ulikuwa umeshakubali. "Wapo weusi kabisa kwenye orodha yetu ambao saa imewasoma vizuri. Kubana kwa mkanda kuna mchango wake, nywele, baridi. Hebu nione zile siku zake tupu."

Akafungua faili ambalo mimi sikuwahi kufunguliwa. Kulikuwa na mstari wa taa: saa ilikuwa imeongeza mwanga mpaka mwisho wa uwezo wake, siku baada ya siku, na bado ikashindwa kusoma. Chini yake kulikuwa na mstari wa mtikisiko. Huo ulikuwa umejaa. Jumanne, alfajiri mpaka saa tano, mkono unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Jumatano vilevile. Saa iliyovuliwa hailimi. Siku zote ambazo nilikuwa nimeandika Hajavaa, saa ilikuwa mkononi mwa Penina, shambani, kisimani, kinuni.

"Lakini kwa nini iliandikwa hajavaa?" Denis aliuliza, anaipekua fomu. "Kifaa chenyewe hakisemi hivyo. Kinasema mwanga hautoshi kusomeka. Hili neno katia nani?"

Aneth akainamisha kichwa, kwani alikuwepo mezani siku ile. Nikasema, "Mimi."

Nikaenda kumvua Penina saa. Ilinichukua muda kuifungua, maana juu ya mkanda wa mpira kulikuwa na kipande cha khanga kilichochanwa na kufungwa mafundo matatu, kikakazwa. Nikayafungua kwa meno. Chini yake ngozi ilikuwa imechubuka, mduara mzima, sehemu nyingine mbichi.

"Ulikaza mno," nikasema, na hilo lilikuwa jambo la kijinga kusema.

"Ulisema nisiivue."

Kwenye gari tulikaa nyuma pamoja, wale wengine wanne tuliwapitia njiani. Vumbi la Haneti linajulikana, tulifunga madirisha na joto likatubana. Nilikuwa nimeuweka mkono wake mapajani mwangu, nimeufunga bandeji, na vidole vyangu juu ya mshipa ingawa hakukuwa na haja, kile kimashine kilikuwa bado kifuani pake. Nilitaka kuzungumza mambo ya zamani. Nikamkumbusha siku tuliyopasua kinu cha shangazi yake, na ule wimbo tuliomtungia mwalimu wa siasa. Akaguna kidogo. Nikaona nazunguka.

"Penina," nikasema, "nilikuita mwongo. Mbele ya mume wako. Nisamehe. Na hilo neno ni mimi niliyeliandika, hakuna mtu mwingine. Wapo kumi na watatu kwenye fomu zangu nimewaandika hivyo. Nitakwenda kwa mmoja mmoja. Lakini nimeanza na wewe."

Aligeuzia uso dirishani. Nilidhani amekasirika, na nilikuwa tayari, angenitukana ningefurahi.

"Kuitwa mwongo siyo neno," alisema mwisho, kwa Kigogo sasa, sauti ndogo ili wenzetu wasisikie. "Ni kwamba mimi nilikuamini. Wewe umesoma, Paska. Ukisema nimevua, basi nimevua. Nilidhani akili yangu ndiyo imeanza kwenda, kama ya marehemu mama. Nikawa nalala macho, nashika mkono wangu, naiona ile taa inawaka, halafu asubuhi sijui kama nimeiona kweli au nimeota. Ndipo nikafunga khanga. Nikamwambia baba Ruthu, mafundo haya nimefunga matatu, hesabu nikilala, hesabu nikiamka."

Nililia waziwazi, mbele ya Daktari Denis na wagonjwa wake wanne, na Penina akautoa mkono wake wenye bandeji akanifuta uso.

"Baba Ruthu alikuwa anahesabu?" nikamwuliza, nilipoweza.

"Kila asubuhi," alisema. "Yalikuwa matatu kila siku."